Mistari ya Wima Kwenye Tekken 5: Kisa cha Tiki Moja Iliyozima Tiba Zote

Malalamiko yaliyoletwa na laptopu yalikuwa matatu, na mwenyewe aliyaita ugonjwa mmoja: "Kadi ya picha imekwisha, kaka." Ni kijana mwenye chumba cha gemu. Plestesheni 2 yake ilipokataa kusoma diski, alihamia PCSX2, emyuleta yaani programu inayoendesha gemu za Plestesheni 2 kwenye kompyuta, akitumia nakala za diski zake na bayosi aliyoitoa kwenye mashine yake mwenyewe. Tekken 5 ndiyo inayomwingizia hela, na Tekken 5 ndiyo iliyoharibika. Mistari myembamba ya wima ilikata skrini kuanzia juu hadi chini, kwa nafasi sawa. Juu ya miili ya wapiganaji palikuwa na pembetatu nyeusi zilizowaka na kuzima. Kulikuwa pia na gemu ya mbio za magari, ambamo kila taa ya gari ilikuwa na pacha wake wa ukungu aliyesogea pembeni kidogo.

Kadi ya picha haikuwa imekwisha. Ni ile ndogo iliyojengewa ndani ya prosesa, dhaifu lakini nzima. Kasoro hizo tatu zilikuwa na vyanzo viwili tofauti, na juu yake kulikuwa na kosa moja la setingi lililozichanganya hata zikaonekana kitu kimoja. Nitaeleza jinsi zilivyotenganishwa, kwa sababu wengi wakikutana na hali kama hii hufungua vidio na kuanza kuweka tiki kila mahali, na hapo ndipo ugonjwa unapozidi.

Kabla ya kugusa setingi yoyote, unahitaji picha isiyobadilika. Kasoro inayoonekana wakati wapiganaji wanarushana mateke huwezi kuipima, maana kila ukibadilisha kitu, picha nayo imeshabadilika. Kwa hiyo tulifika kwenye raundi ambayo mistari na pembetatu vyote vinaonekana, tukabonyeza F1 kuhifadhi hali ya gemu palepale. Kuanzia hapo kila jaribio lilianza kwa F3, inayorudisha hali hiyo. Angalizo dogo: hali iliyohifadhiwa hivyo ni ya toleo hilo la emyuleta, na ukisasisha PCSX2 inaweza kukataa kufunguka. Kwa kupima inafaa sana. Kwa kutunza maendeleo ya mteja, tumia memori kadi ya ndani ya gemu.

Jaribio la kwanza ni kitufe cha F9. Kinabadilisha mchoraji, yaani ile sehemu inayoitwa Renderer kwenye setingi, kutoka kwenye kadi ya picha kwenda kwenye prosesa, bila kuzima gemu. Mchoraji wa prosesa, ulioandikwa Software, hufuata chipu ya picha ya Plestesheni 2 kwa ukaribu kuliko wachoraji wengine wote walio kwenye PCSX2. Ni mzito, lakini ndio kipimo. Tulipobonyeza F9 mwendo ulishuka na sauti ikaanza kukatika, jambo ambalo kwa wakati huo halikutuhusu. Kilichotuhusu ni kwamba mistari ilitoweka na pembetatu zikatoweka.

Jibu hilo peke yake linafunga milango kadhaa. Nakala ya diski ni nzima, na hesabu za gemu zinakwenda sawasawa, kwa maana mwili wa mpiganaji uko pale unapotakiwa kuwa. Kasoro ingebaki hata kwenye Software, tungeacha kabisa setingi za picha, tukakagua nakala, tukakagua kodi za udanganyifu zilizowashwa, au tukajiuliza kama gemu yenyewe ndivyo ilivyokuwa hata kwenye mashine halisi. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Gemu nyingi za miaka ile zilikuwa na ukungu na kutetemeka kwa picha ambako televisheni za zamani zilikuficha.

Ila F9 ina mtego. Mchoraji wa prosesa huchora kwa ukubwa wa asili wa Plestesheni 2 tu, haukuzi picha. Kwa hiyo ukibonyeza F9 ukiwa umeweka 3x, yaani kukuza mara tatu, umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, mchoraji na ukubwa, na huwezi kujua ni kipi kilichoondoa kasoro. Ndiyo maana jaribio la pili ni la lazima: tulirudi kwenye kadi ya picha, kisha kwenye Internal Resolution tukashusha kutoka 3x hadi Native, ukubwa wa asili.

Hapa kisa kikafunguka. Mistari ya wima ilitoweka tena, lakini pembetatu nyeusi zilibaki vilevile. Basi mistari inatokana na kukuza picha, na pembetatu hazihusiani na kukuza. Magonjwa ni mawili, kila moja na tiba yake, na mtu anayetafuta setingi moja ya kuyaponya yote atakesha.

Pembetatu ndizo zilizokuwa rahisi. Kwenye Renderer kijana alikuwa amechagua Vulkan kwa mkono, moja ya njia ambazo emyuleta huzungumza na kadi ya picha, kwa sababu alisikia ndiyo yenye kasi zaidi. Kwenye kadi mpya yenye draiva mpya hilo huwa kweli mara nyingi. Kwenye laptopu hii draiva ilikuwa ya zamani, na mtengenezaji alishaacha kutoa mpya kwa kadi hiyo. Tukaweka Direct3D 11, F3, pembetatu hakuna. Tukaweka OpenGL, hakuna pia. Kasoro inayobadilika ukibadilisha njia ya kuzungumza na kadi, huku ukubwa wa picha na setingi nyingine zikiwa zilezile, karibu kila mara ni ya draiva. Ingekuwa laptopu yenye draiva mpya inayopatikana, ningesasisha draiva kwanza na kuiacha Vulkan. Hapa tulibaki na Direct3D 11.

Uamuzi huo una gharama yake. Kipo kipimo kiitwacho Blending Accuracy, kinachoamua rangi zinazochanganywa juu kwa juu zihesabiwe kwa usahihi kiasi gani: vivuli, moshi, vioo, mwanga. Ukikipandisha juu ya Basic, Direct3D 11 inalemewa mapema, kwa sababu haiwezi kusoma picha ileile inayoichora bila kwanza kuinakili, wakati Vulkan na OpenGL zina njia ya mkato. Kwa Tekken 5 hatukuhitaji kupita Basic. Lakini mtu mwenye gemu ambayo vivuli vyake vimekuwa vyeusi tii au mwanga wake umekuwa kama karatasi, tena hata kwenye Native, aanzie hapo kwenye Blending Accuracy, na aijaribu kwenye OpenGL kabla ya kukata tamaa.

Sasa mistari. Tuliijaribu kwenye wachoraji wote watatu kwa 3x, na haikusogea hata kidogo. Tukaweka 2x: mistari ileile, idadi ileile, mahali palepale kwenye picha. Hiyo ni alama ya kutambulia. Kasoro ya draiva huwa haina nidhamu, inarukaruka. Mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa, isiyojali njia ya kuchora wala kiwango cha kukuza, inatoka kwenye namna gemu yenyewe inavyopanga kazi yake.

Namna hiyo ndiyo hii. Chipu ya picha ya Plestesheni 2 ina kumbukumbu yake ya ndani ya megabaiti 4 tu, yenye kasi kubwa mno, na imegawanywa katika kurasa ndogo. Ukurasa mmoja wa picha ya rangi kamili ni pikseli 64 kwa 32. Mtengenezaji wa gemu akitaka kuweka kitu juu ya skrini nzima, tuseme ukungu au mng'ao, hachori mraba mmoja mkubwa, maana mraba mkubwa unaruka kutoka ukurasa hadi ukurasa na kupoteza kasi. Anaikata skrini vipande vya wima, aghalabu vya upana wa pikseli 32 au 64, na kuvipanga kimoja baada ya kingine kama vigae vya ukutani. Skrini ya upana wa 640 ikikatwa kwa vipande vya 32 inatoa vipande 20, na baina yao viungio 19.

Kwa ukubwa wa asili viungio hivyo havionekani, kwa kuwa hesabu zimepangwa zikutane pikseli kwa pikseli. Ujanja mmoja wa kawaida ulikuwa kusogeza mahali pa kusomea picha kwa nusu pikseli, ili usomaji uangukie katikati ya pikseli. Sasa kuza mara tatu. Nusu ya pikseli ya asili imekuwa pikseli moja na nusu. Pikseli za mwisho za kila kipande, ambazo kwenye mashine halisi hazikuwapo, zinasoma nje ya mpaka wa kipande chao, na palipo na kiungio unapata ukanda mwembamba uliochanganywa mara mbili au usiochanganywa kabisa. Ukanda huo ndio mstari. Gemu haikukosea, wala kadi haikukosea. Emyuleta imeitii gemu kwa ukubwa ambao mwandishi wake, mwaka 2005 na kabla yake, hakuwa na sababu ya kuufikiria.

Gemu za Namco zinajulikana kwa hili, na PCSX2 ina tiba iliyotengenezwa kwa ajili yake: Align Sprite. Maelezo yake kwenye emyuleta yenyewe yanazitaja Ace Combat, Tekken na Soul Calibur kwa majina. Inarekebisha kingo za vipande hivyo bapa ili vikutane baada ya kukuzwa.

Hapo likaja swali lililonisumbua zaidi ya mistari yenyewe. PCSX2 za siku hizi zina orodha ya ndani ya michezo, na kwa kila mchezo wenye matatizo yanayojulikana, tiba inawashwa yenyewe gemu inapofunguka. Tekken 5 imo. Kijana alikuwa na toleo jipya. Kwa nini basi tiba haikufanya kazi?

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye skrini kila mara alipofungua gemu, kwenye ile tahadhari inayotokea pembeni kisha ikapotea. Ilisema kwamba marekebisho ya mkono yamewashwa na kwa hiyo marekebisho ya emyuleta yenyewe hayakutumika, ikayaorodhesha. Alizoea kuiona. Nilipomwonyesha akasema, "Hiyo? Hiyo ipo siku zote."

Alichokuwa amefanya ni hiki. Kwenye setingi za jumla, sehemu ya Graphics, kuna kisanduku kiitwacho Manual Hardware Renderer Fixes. Ukikitia tiki zinafunguka kurasa mbili zaidi, Hardware Fixes na Upscaling Fixes, zenye setingi ambazo watu huziita haki, kutoka neno la Kiingereza hacks. Alikitia tiki ili aponye taa za gari kwenye ile gemu ya mbio, akifuata vidio. Kisanduku hicho hakiongezi tiba juu ya tiba. Kinazima tiba zote za picha ambazo emyuleta ingeziweka yenyewe kutoka kwenye orodha yake, na kukukabidhi usukani wote. Na kwa kuwa alikitia kwenye setingi za jumla, alizima tiba za kila mchezo alionao. Tekken 5 ilipoteza Align Sprite yake kwa sababu ya taa za gari za gemu nyingine.

Siwatuhumu wanaotoa ushauri huo kuwa na nia mbaya, kwa sababu zamani ulikuwa sahihi. Kwenye PCSX2 1.6.0 ya mwaka 2020 hapakuwa na njia nyingine: uliwasha haki mwenyewe, ukahangaika mwenyewe, na ukabadilisha tena ulipohamia gemu nyingine. Toleo la 2.0 lilipotoka mwaka 2024, baada ya kupikwa miaka kadhaa, mambo yalikuwa yamegeuka: orodha ya ndani ndiyo inayofanya kazi hiyo na kila mchezo una setingi zake. Lakini vidio za enzi ile bado zipo, na bado ndizo zenye watazamaji wengi. Ukiona mwalimu wa vidio anaanza kwa kuwasha haki kabla hata hajafungua gemu, tazama tarehe yake kwanza.

Tukaondoa tiki kwenye setingi za jumla. Tukazima gemu na kuifungua upya, kwa sababu tiba za orodha huwekwa gemu inapoanza. Tahadhari haikutokea. F3, 3x, mistari hakuna. Kazi ya sekunde chache, baada ya ugonjwa wa wiki nzima.

Lakini gemu ya magari ilirudi kwenye hali yake ya mwanzo, na taa zikaonekana mbili. Hapa ndipo setingi za mchezo mmoja zinapokuwa na maana. Kwenye orodha ya michezo bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la gemu, chagua Properties, na unapata dirisha linalofanana na setingi za jumla ila linahusu gemu hiyo tu. Visanduku vyake vina hali tatu, si mbili: tupu ni hapana, tiki ni ndiyo, na kile kilichojazwa nusu kinamaanisha fuata setingi ya jumla. Watu hukosea hapo. Wanaona kisanduku kimejazwa nusu, wanadhani kimewashwa.

Taa zenye pacha ni ndugu wa mistari ya wima, ingawa hazifanani kwa sura. Mng'ao wa taa hutengenezwa kwa kuichukua picha iliyokwisha kuchorwa, kuipunguza ukubwa, kuitia ukungu, na kuirudisha juu ya ile ya kwanza. Kila hatua ina ule msogeo wa nusu pikseli. Katika ukubwa wa asili misogeo hiyo inafutana au ni midogo mno. Ukikuza inajumlishana, na ukungu unaangukia pembeni ya taa. Uthibitisho ni uleule: kwenye Native pacha hayupo, kwenye 3x yupo, na kadiri unavyokuza ndivyo anavyojitenga na taa yake. Setingi yake inaitwa Half Pixel Offset, na ina namna kadhaa: Normal (Vertex), Special (Texture), nyingine kali zaidi ya hiyo, na Align to Native.

Kabla ya kuwasha marekebisho ya mkono kwa gemu ya magari, tulifanya jambo moja ambalo wengi hulisahau. Tuliwasha kisanduku kile kwenye Properties ya gemu hiyo bila kubadilisha kitu kingine, tukaifungua, tukasoma tahadhari. Ile orodha ya tiba ambazo hazikutumika ndiyo unayopaswa kuinakili. Ukichukua usukani, umechukua na wajibu wa kurudisha kwa mkono kila tiba iliyokuwapo, la sivyo unaponya taa na kuvunja barabara. Tulipiga picha ya tahadhari kwa simu, tukarudisha zilizotajwa, ndipo tukaanza kujaribu.

Kujaribu nako kuna utaratibu wake. Tulihifadhi hali usiku kwenye mbio, gari la mbele limewasha taa za breki, gemu imesimamishwa. Badilisha namna moja, pakia hali, tazama. Normal (Vertex) ilimsogeza pacha karibu na taa bila kumrudisha kabisa. Special (Texture) ikamkalisha juu ya taa sawasawa. Ile kali ilimvusha upande wa pili, kwa hiyo tukarudi nyuma. Align to Native nayo ilikaa vizuri kwenye taa lakini ikalegeza ukungu wa mbali. Hakuna namna iliyo bora kwa michezo yote. Kila moja inadhani jambo fulani kuhusu jinsi gemu ilivyoweka nusu yake, na gemu mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana.

Baada ya hapo nilimshusha kutoka 3x hadi 2x, na hapo kidogo tukabishana, maana alikuwa amejivunia 3x mbele ya wateja. Hesabu yake haipingiki. Chukua fremu ya 640 kwa 448. Ukiizidisha mara tatu kila upande unapata 1920 kwa 1344, yaani pikseli mara tisa ya asili, zaidi ya milioni mbili na nusu, ambazo kadi ndogo inazichora mara sitini kwa sekunde. Mara mbili ni 1280 kwa 896, pikseli mara nne. Skrini ya laptopu yake ni 1366 kwa 768. Mistari 896 tayari imezidi 768 ya skrini, na kila kinachoongezwa juu yake kinachorwa kwa gharama kamili kisha kinaminywa kurudi kwenye udogo uleule. Tofauti ya kingo laini ipo, lakini katika mapigano wapiganaji walikuwa wanapungua mwendo kila moshi ulipojaa skrini. Kwenye vipimo vya pembeni ya skrini, kadi ilikuwa ikifika karibu asilimia 100 na kasi ya gemu ikishuka chini ya asilimia 100 kwa wakati mmoja. Vikienda pamoja hivyo, kadi ndiyo inayokwamisha, na dawa ni kushusha ukubwa. Kasi ingeshuka huku kadi ikiwa imepumzika, kushusha ukubwa kusingesaidia kitu, kwani tatizo lingekuwa upande wa prosesa.

Siku atakayounganisha runinga ya 1080 mambo yatabadilika kidogo, na 3x itakuwa na maana kwenye gemu nyepesi. Ndiyo sababu ukubwa nao tuliuweka kwenye Properties ya Tekken, hatukuuweka kwenye jumla. Gemu za zamani za vipande bapa, zisizo na mapigano yenye moshi, zinaweza kubaki 3x bila kuumia.

Setingi hizi zinahifadhiwa kama faili za maandishi ndani ya folda iitwayo gamesettings, na kila faili linabeba namba ya diski pamoja na alama ya utambulisho wa nakala. Ni vizuri kulijua faili hilo, kwa sababu ukihamia laptopu nyingine unalinakili tu. Lile la Tekken 5 liliishia hivi:

```
[EmuCore/GS]
Renderer = 3
upscale_multiplier = 2
```

Namba 3 hapo ni Direct3D 11 (Vulkan ni 14, OpenGL ni 12). Unaona kwamba hakuna haki yoyote ndani yake. Align Sprite inatoka kwenye orodha ya emyuleta, na itaendelea kutoka huko ilimradi hakuna anayetia tiki tena kwenye jumla. Lile la gemu ya magari lina zaidi, kwa kuwa usukani uko mikononi mwetu:

```
[EmuCore/GS]
UserHacks = true
UserHacks_HalfPixelOffset = 2
```

Chini ya mistari hiyo zinafuata zile tiba tulizozinakili kutoka kwenye tahadhari. `UserHacks = true` ndicho kile kisanduku chenyewe. Ukifungua faili la mtu anayelalamika na kukuta mstari huo kwenye setingi zake za jumla, zilizo kwenye `PCSX2.ini`, umeshapata pa kuanzia kabla hata ya kuwasha gemu.

Nilimwachia onyo moja kuhusu gemu ya magari. Faili lile limegandisha tiba za leo. Watengenezaji wa PCSX2 wakiboresha tiba ya gemu hiyo kwenye toleo lijalo, haitamfikia mpaka aondoe tiki, kwa hiyo kila akisasisha ajaribu kwanza bila faili lake, na akikuta taa ziko sawa alifute.

Special (Texture) ilibakiza dosari moja. Kwa kuwa picha nzima ya mng'ao imesogezwa, upande wa kushoto wa skrini palibaki ukanda mwembamba usiopata ukungu, unaoonekana kama mstari mwangavu wakati wa usiku. Tulijaribu kuuondoa kwa namna nyingine za Half Pixel Offset na kila mara taa zikaharibika. Mwishowe tukaingia kwenye ukurasa wa Display wa gemu hiyo, sehemu ya Crop, tukakata pikseli mbili za kushoto. Picha imekuwa nyembamba kwa kiasi ambacho mteja mwenye pedi mkononi hawezi kukiona.